Kafara ya Ndoto

Chwaa! Njiti ya kiberiti ikiwashwa: huo ndio mlio uliomrudia Ridhiwani kila alipofumba macho. Baada yake moshi wa moto, mnene, ukimshuka kifuani. Kisha anaamka nyumbani mtaa wa Chanji, kitandani kwake, ananusa vidole. Havinuki kitu.

Siku ya kumi na tisa tangu aache sigara. Miaka ishirini na sita ya kuendesha lori la mahindi alikuwa akivuta, mpaka kifua kikamgomea. Ndipo akaweka mkono juu ya msahafu mbele ya mkewe Sauda, akaapa.

Sasa alikuwa anavuta usingizini, na kwa hesabu yake kiapo kilikwisha kuvunjika. Akaanza kufunga siku tatu tatu kama kafara, bila kumwambia mtu. Ndoto nne, funga kumi na mbili. Asubuhi hiyo, akitoka kijiji cha Mollo na magunia sitini, kizunguzungu kilimshika akaegesha kando ya barabara. Dukani pale pale akanunua sigara moja. Kama kimevunjika, kimevunjika.

Hakuiwasha. Aliitia mfuko wa shati, ncha ikichungulia, akaenda nayo zahanati, kwa nesi Silvana aliyekuwa akimsaidia kuacha. Sauda alimkuta hapo hapo. Siku kadhaa alikuwa akihesabu sahani zinazorudi zimejaa, akaja kumuuliza nesi.

"Shikamoo, mzee," nesi akamwamkia. "Mbona umekonda hivi?"

"Marahaba. Navuta, mwanangu. Ndotoni. Na kila ndoto naifungia siku tatu, kafara ya kiapo."

Silvana hakushtuka. "Na ukiamka unajisikia mkosaji?"

"Kama mwizi."

"Wengi wanaoacha huota hivyo, wiki za mwanzo hasa. Mwili umezoea nikotini. Ukiikosa, usingizi unavurugika na ndoto zinakuwa kali. Kichwa nacho kimezoea mkono kwenda mdomoni. Haimaanishi umerudi kuvuta, wala kwamba utarudi. Zitapungua zenyewe, ingawa moja moja huweza kuja hata baada ya miezi. Kinachoweza kukudhuru leo ni njaa kwenye usukani, na hiyo iliyo mfukoni."

"Na kiapo?"

"Hilo silo langu, kamuulize shehe."

"Shehe wa nini!" Sauda akadakia. "Madrasa ulikuwa unasinzia? Aliyelala haandikiwi dhambi! Mwanaume mzima unajinyima ugali kwa kosa la mto wa kulalia!"

Nesi akacheka. Ridhiwani akaitoa sigara, akaivunja vipande viwili, akaitupa kwenye pipa la taka.

Nje, Sauda akamnunulia chai na chapati mbili kwa mama ntilie, akakaa kumtazama akila. Alimaliza ya kwanza. Ya pili akaishika tu.

"Nini tena?"

Akatazama watu waliokuwa benchi la pili, akamwinamia mkewe sikioni.

"Ile ya ndotoni ilikuwa tamu, Sauda. Hilo ndilo linaloniogopesha."