Mahame ya Bwana Shaibu

Kariakoo ya miaka ile haikukosa wataalamu. Kila pembe ya soko ilikuwa na mtu anayejua jambo fulani kuliko sote, na pembe yetu sisi wakaanga mihogo ilijaliwa Shaibu, muuza fito. Alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mwenye kanzu safi kuliko kazi yake. Ukimwuliza bei ya mzigo mmoja wa fito za kujengea, alikupa kwanza historia yake tangu mbegu.

Fito hizo zilitoka Kisarawe, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mjomba wake. Mjomba alilima mihogo pale mpaka miguu ikamgomea, wakati wa vita vya Hitla, akahamia mjini na shamba likabaki peke yake. Shaibu, ambaye hajawahi kuinua hata tuta moja, aliliita mahame yake, kwa kuwa ni mahali palipohamwa, na alisimulia jinsi lilivyoota utadhani yeye ndiye aliyetoa amri.

"Mwaka wa kwanza magugu na mbigili," aliwaambia wateja. "Halafu nyasi, zinakufika kiunoni. Halafu vichaka, na visiki alivyokata mjomba vinachipua upya. Mwaka wa kumi una fito za kujengea mtaa mzima. Shamba likiachwa, Bi Siti, halilali. Linafanya kazi bila mshahara."

"Kama mkeo," nilimjibu.

Maana mkewe Mboni ndiye aliyekwenda kuzikata, kuzifunga na kuzipakia, huku bwana mtaalamu akipiga soga sokoni. Nyumba yao yote ilikula kutoka kwenye kichaka kile. Hawakuwa na kingine.

Siku moja akaja Safari, mtu wa Moshi mwenye lori, aliyewapelekea wajenzi mchanga na kifusi. Alikaa kwenye benchi langu, akanunua muhogo, akamsikiliza Shaibu mpaka mwisho, jambo ambalo sisi wenyeji tulikuwa tumeliacha siku nyingi. Kisha akasema kwa upole:

"Na sisi kwetu tuna ardhi ya ukoo, kule nyikani, ng'ambo ya Kilimanjaro. Kubwa mara kumi ya hiyo yako. Zamani za babu wa babu yangu kilima kimoja cha huko kilitema moto, ukatiririka mpaka pale. Watu wakahama. Hakuna aliyerudi."

Katika maneno yote hayo Shaibu alisikia neno moja tu: wakahama.

"Mahame!" Akasimama. "Mahame ya miaka mia na zaidi! Kama miaka kumi inatoa fito, Bi Siti, miaka mia inatoa nini?"

"Inatoa mjinga," nilisema, lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu mivule.

Nilimgeukia Safari. "Sasa hivi kuna nini hapo?"

"Kuna mawe," akasema Safari, akatafuna muhogo wake.

"Mawe hayakosekani porini," akasema Shaibu.

Basi msije mkasema Safari alidanganya. Alisema kweli tupu, na ni mwenzetu aliyejijazia miti. Wakakubaliana kubadilishana, shamba kwa shamba. Mboni alilia mbele ya majirani bila haya. "Umeiona hiyo ardhi?" alimwuliza mumewe. "Kuiona ardhi ni kazi ya wasiojua," akajibu bwana. Mbele ya jumbe wa Kisarawe akatoa kichaka kinachowalisha, akapewa nyika asiyoijua, akashukuru kwa mikono miwili.

Alipanda basi la Moshi na msumeno mpya wa watu wawili, ingawa alikwenda mwenyewe. Mtu wa pili, nadhani, angekuwa mvule.

Alirudi baada ya mwezi na zaidi, msumeno haujaguswa na kanzu si safi tena. Hakupita kwa wateja. Alikuja moja kwa moja jikoni kwangu, alikokuwapo Mboni, akafungua kitambaa na kutoa jiwe jeusi lenye matundu.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo nini?" akauliza Mboni.

"Ardhi."

Tulilitazama. Juu yake palikuwa na madoa ya kijivu, yamegandamana na jiwe kama ukoko na sufuria. Shaibu akatueleza, mara hii polepole, kama mtu anayejisomea hukumu. Bonde zima ni jiwe la namna hiyo, limepasukapasuka, na jua linakupiga toka juu na toka chini. Sehemu kubwa ina ukoko huo tu, ndio uhai wake wa kwanza. Mahali penye ufa upepo umeleta vumbi, ukoko wa zamani umekufa na kuozea humo, pakaota ukoga kidogo wa kijani. Kwenye ufa mpana zaidi kuna shungi la majani makavu. Alikuta mti mmoja, akasimama nao, ukamfika kifuani.

"Miaka mia yote hiyo ardhi ilikuwa inafanya nini?" nikauliza. Nilikusudia kumchokoza, lakini alinijibu.

"Ilikuwa inatengeneza udongo, Bi Siti. Kwa mjomba udongo ulikuwapo. Mjomba aliondoka na jembe lake tu. Mizizi aliiacha, visiki aliviacha, mbegu zilikuwa zimelala humo zinangoja. Kule moto ulifunika kila kitu. Hapana kilichobaki cha kuota. Inabidi jiwe lianze lenyewe kuwa ardhi."

Mboni alikwangua ukoko kwa ukucha. Ukatoka unga kidogo, hata kijiko haujazi.

"Twende kwa Safari," akasema.

Nilifunga jiko nikafuatana nao. Safari alitupokea vizuri, akatutengea viti. Alisema hana kinyongo. Kama Bwana Shaibu hakuipenda nyika, arudishiwe shamba lake hata leo. Mboni akambusu mkono. Hata mimi, mwenye mdomo huu, nilimwombea heri.

Tulipofika Kisarawe tukaelewa ukarimu ule ulitoka wapi. Kichaka hakipo. Visiki vimeng'olewa. Na udongo mweusi wa juu, wote, umekwanguliwa na kupakiwa kwenye lori, kilichobaki ni uwanda mwekundu, mgumu kama sakafu. Safari alikuwa amerudisha ardhi kama alivyoahidi. Udongo tu ndio alikuwa ameuza.

"Pataota tena kitu?" Mboni akamwuliza mumewe.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Shaibu alisema, "Sijui."

Masika yalipopita, Mboni alikuwa anaanika dagaa za watu kule Feri pwani, na Shaibu anafanya vibarua. Ndipo Pankaj, aliyekuwa akijenga ghala upande wa Msimbazi, alipomwita kufyeka kiwanja chake. Alikuwa amejaza bonde kwa kifusi cha Safari, na sasa majani yanamsumbua. Nilipita na sinia langu nikawakuta.

Kiwanja kilikuwa kijani. Mbigili, nyasi za kiunoni, na katikati yake machipukizi manene yakitoka kwenye vipande vya mizizi. Shaibu alisimama na panga mkononi, hakati.

"Bwana Shaibu, wewe ndiyo fundi ya majani," akasema Pankaj. "Kila wiki nafyeka, kila wiki narudi. Itaacha lini?"

Nilingoja hotuba. Magugu, nyasi, vichaka, fito.

"Halitaacha, tajiri," akasema Shaibu. "Ni shamba la mjomba wangu hili."

Pankaj akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Shaibu akaanza kufyeka huku machozi yanamtoka, na chipukizi moja akalichimbua na mizizi yake, akalifunika kwa kanzu aondoke nalo.