Zamu ya Kumsahau Bi Lebo

Hospitalini walimwita Bi Lebo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka saba katika maabara, hakuna chupa ya damu iliyopita mkononi mwake bila lebo iliyonyooka. Wauguzi wakiona lebo imepinda walijua siku hiyo yuko mapumziko. Sasa mtu kama huyo kuandikiwa barua ya onyo kwa "uzembe", si kichekesho? Yeye hakucheka. Barua zilikuwa mbili tayari, na kwa kanuni za pale, ya tatu ndiyo ya kufukuzwa kazi.

Yote yalianzia kwenye friji. Friji la dawa za kupimia husomwa joto lake asubuhi na jioni, na namba huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kwa siku sita hakuna aliyesoma, na wakaguzi walikuwa njiani. Wenzake watatu wakaketi wakajaza namba za kubuni, nzuri nzuri, kisha wakamletea kalamu naye atie sahihi.

"Sikusoma, nitasaini nini?" akasema.

Basi. Hakutukanwa, hakusukumwa. Watu wale walikuwa na adabu zao bwana! Kulikuwa na Shemeji, ambaye hakuwa shemeji wa mtu yeyote. Twiga, kwa urefu wake. Na Mchungaji, aliyeitwa hivyo kwa sauti yake ya upole, maana matendo tuyaache. Kuanzia wiki ile, Bi Lebo akaanza kusahauliwa. Kikao kilihamishwa kutoka saa nne hadi saa mbili, watu wote wakajua isipokuwa yeye. Kibao chake cha kusimamishia chupa za sampuli alichokiacha rafu ya juu alikikuta nyuma ya friji, chini kabisa, majibu yamechelewa na daktari anafoka kwenye simu. Mashine ikabadilishwa mpangilio, na aliyekabidhi zamu akasahau kumwambia. Chai ikanywewa na wote pamoja, naye akaingia wakati vikombe vinaoshwa.

Alivumilia, akachoka, na barua ya kwanza ya onyo ilipofika akamwandikia afisa utumishi. Kurasa nne! "Wananichukia kama ukoma," aliandika. "Wanataka kunimaliza." Afisa aliisoma yote, lazima tumpe sifa hiyo, kisha akavua miwani.

"Mama, kwa hiyo kesi hapa ni chai?"

"Si chai tu. Na kibao, na kikao."

"Kibao kilihamishwa mara ngapi?"

"Mara... sikuhesabu."

"Na nani?"

"Wao."

"Wao," afisa akarudia, akiandika neno hilo kwa makini kana kwamba ni jina la mtu. Akamshauri ajitahidi kuchangamana na wenzake. Wiki iliyofuata barua ya onyo ya pili ikaja, kwa majibu yaliyochelewa.

Aliyemwokoa ni wifi yake, dada wa mumewe, katibu wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha biskuti, mwanamke asiye na subira na machozi ya mtu. Alisoma nakala ya ile barua ya kurasa nne jikoni, amesimama.

"Wifi, hii ni barua ya mapenzi yaliyovunjika," alisema. "Kuchukiwa si kosa la kazini. Mimi wananichukia watu wangapi? Tatizo lako unawapelekea tukio moja moja, na kila tukio likiwa peke yake ni dogo. Siafu mmoja hakuna anayemkimbia."

Akamchorea daftari safu: tarehe, saa, mahali, nini kilitokea, nani alikuwepo, nani mwingine alipata taarifa ambayo wewe hukupata, kazi iliathirika vipi, ushahidi uko wapi. Uandike siku ileile, si Jumapili ukiwa umejilaza na hasira zako. Uandike ulichoona, na unachodhani ukiweke ukurasa wa nyuma. Jina la mgonjwa lisikanyage humo, na karatasi za hospitali zisitoke hospitalini. Taja tu zilipo.

"Na siku ambayo hawakufanya kitu?" Bi Lebo akauliza.

"Uandike hawakufanya kitu. Daftari lenye ubaya kila siku ni la mwongo."

Haikuwa kazi rahisi. Siku za mwanzo aliandika "kwa makusudi" akafuta, akaandika tena, akafuta hadi karatasi ikatoboka. Lakini mkono uliozoea lebo hatimaye ulitulia. Na jambo la ajabu likatokea: akaanza kwenda kazini kwa hamu kidogo, kama mtu anayengoja kuona leo wataleta nini. Mwezi wa tatu wa kuandika akaweka daftari kando ya ratiba ya zamu. Akaangalia. Akampigia wifi yake simu palepale.

"Wifi! Wanafanya kwa zamu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu Shemeji, Jumatano Twiga, Ijumaa Mchungaji. Waligawana ili asiwepo mmoja atakayeonekana na makosa mengi, na kwa kuwa ni watu wa maabara, waligawana sawasawa. Twiga alipokwenda likizo wiki mbili, Jumatano zake zilishikwa na Shemeji. Karatasi ya joto la friji haikuwahi kujazwa kwa uaminifu kiasi hicho.

Safari hii Bi Lebo hakuandika kurasa nne. Aliandika moja: matukio ishirini na sita katika wiki kumi na mbili, yote katika zamu za watu watatu haohao, vikao vitano alivyokosa taarifa ambayo wenzake wote waliipata, na hakuna hata tukio moja siku ambazo watatu hao hawakuwepo. Kamati ya nidhamu ikaitishwa. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mkuu, mama wa maneno machache, na afisa utumishi alikaa pembeni na mafaili.

"Mimi nilisahau mara moja tu," alisema Shemeji, akionyeshwa kikao.

"Nami, mara moja tu," Twiga alisema juu ya kibao.

"Binadamu husahau," Mchungaji akamalizia kwa upole.

Mwenyekiti alipitisha kidole kwenye daftari. "Mbona mnasahau kwa foleni?"

Mwenyekiti akasema barua zote mbili za onyo zitaondolewa. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine aliyeondolewa maabara kwa uzembe. Afisa akatoa faili la binti mmoja aliyefukuzwa miaka miwili nyuma. Ndani mlikuwa na barua ya utetezi, ndefu, yenye machozi. Afisa akaisoma kimya, akamtupia Bi Lebo jicho, akaanza kulifunga faili.

"Hii haihusiani na leo," alisema.

"Naomba niione," Bi Lebo akasema.

Vikao, kibao, chai. Majina yalikuwa yaleyale matatu. La nne lilikuwa la Bi Lebo mwenyewe: "Alijua kikao kimehamishwa, akanipita koridoni, akanisalimia," binti aliandika. Bi Lebo akakumbuka. Shemeji alikuwa amemwambia, "Usihangaike, nitamwambia mwenyewe," naye hakuhangaika. Hata jina la yule binti alichelewa kulikumbuka.

"Mimi ilikuwa mara moja tu," alisema, na akasikia alichosema.

Shemeji aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mwenyekiti alikuwa ameinua kalamu juu ya karatasi, anangoja. Angeweza kuiweka chini bila kuandika kitu. Uso wake ulionyesha yuko tayari kuliacha lipite.

"Andika," Bi Lebo akamwambia. "Weka tarehe. Weka kwamba nilijua."