Sauti za Bombo na Flashi ya Mwalimu Ernesta

Mwalimu Ernesta hakuwa mtu wa kuacha mlango wazi. Nyumba yake ya Same mjini ilikuwa na pazia kila dirisha, na mgeni alipokelewa sebuleni, akanywa chai sebuleni, akaagwa hapohapo sebuleni. Mumewe Hezroni, enzi za uhai wake, alizoea kumtania: "Mke wangu, hata mende wa nyumba hii wanabisha hodi." Ernesta hakucheka. Alikuwa amefundisha sekondari mpaka akastaafu, na jambo moja alilolijua vizuri kuliko somo lake ni kwamba jina la nyumba hujengwa taratibu na huporomoka siku moja.

Hezroni alipofariki alimwachia nyumba, shamba la ndizi na maharage kule Bombo, na kompyuta mpakato. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na sauti. Tangu astaafu, Hezroni alikuwa akipanda mlimani na simu yake kuwarekodi wazee wa ukoo: nani alimzaa nani, nani alilima ng'ambo ipi ya mto, nyimbo za kuvunia, misemo ya Kichasu, lugha ya Wapare, ambayo vijana wameisahau. Simu ikijaa, alizihamishia sauti kwenye kompyuta, akazifuta simuni ili apate nafasi ya nyingine. Wazee wale wamekwisha, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho kuondoka alikuwa mama yake mwenyewe, Bibi Nakijwa.

Desemba ile, ukoo wote ungekutana Bombo. Waliotawanyika Arusha, Dar na Dodoma wangerudi nyumbani kama ilivyo desturi, na shemeji yake Tumainieli alikuwa ameomba sauti zile zisikilizwe baada ya ibada, watoto wasikie mababu zao wakisema. Ernesta alikubali. Alikubali, lakini akabaki na mwiba mguuni. Katika sauti ya Bibi Nakijwa kulikuwa na sehemu aliyowahi kuisikia kidogo tu. Bibi alianza kueleza kwamba mumewe, kabla ya ndoa ya kanisani, alizaa binti na mwanamke wa Makanya, na ukoo ukamfukuza yule mwanamke na kichanga mgongoni. Hapo Ernesta alizima. Alikusudia kuikata sehemu hiyo kabla ya Desemba, kwa mkono wake mwenyewe, bila mtu kujua.

Basi kompyuta ikaanza kuleta matata. Ikiwashwa, chai ilipoa kabla haijafunguka. Ikifunguka, ilijizima katikati. Ernesta akaibeba kwenye mkoba wake wa kanisani mpaka kwa Abdulmalik, fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Dada yake fundi, Salha, aliuza kava za simu mbele ya kibanda hichohicho na hakuna mteja aliyepita bila kusemeshwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mashine imechoka."

Abdulmalik akaiwasha, akaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. "Dawa yake ni kupiga Windows upya, mwalimu. Niachie, kesho utaikuta."

"Siiachi."

"Basi utalala hapa na sisi," Salha akadakia. "Tutakutandikia maboksi."

Ernesta alimtazama kwa lile jicho lililonyamazisha madarasa. Salha akarudi kwenye kava zake.

"Kama huiachi," fundi akasema, "fanya hivi ukiwa nyumbani, maana inachukua muda na umeme wa hapa si wa kuaminika. Nunua flashi kubwa, ya GB thelathini na mbili, isiwe na kitu, maana itafutwa yote. Andika pale chini 'recovery drive', kitatokea kitu cha kutengeneza flashi ya kurejesha Windows. Kuna kisanduku cha kuhifadhi mafaili ya mfumo, hakikisha kimewekwa alama. Halafu hifadhi vitu vyako. Ukimaliza, njoo."

Aliambiwa mambo mawili. Ernesta aliyachukua kama jambo moja lenye mikono miwili.

Nyumbani alifunga mlango, akafuata maelekezo neno kwa neno. Kompyuta ikamwonya kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa, naye akaridhika kuona mashine yenye adabu ya kuonya. Akabonyeza. Taa ya flashi ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Akapika makande, akala, akaosha vyombo, na bado ilikuwa ikiwaka. Ilipomaliza, kompyuta ilionyesha flashi imejaa gigabaiti na gigabaiti. Akajiambia: kitu kinachochukua muda hivi, kizito hivi, kimebeba nyumba nzima. Hakuifungua kutazama. Aliifunga ndani ya leso, akaiweka chini ya nguo zake za kitenge.

Aliporudi kibandani, Abdulmalik aliuliza swali ambalo kila fundi huuliza.

"Umehifadhi vitu vyako vyote, mwalimu?"

"Nimehifadhi."

"Vyote? Tunaweza kuangalia kwanza, ni dakika..."

"Abdulmalik." Alilitamka jina lile polepole. "Mambo ya marehemu hayaangaliwi kibandani. Nikisema nimehifadhi, nimehifadhi."

Kijana angefanyaje? Kwao na kwa kina Ernesta pia, mtu aliyekutangulia kuzaliwa akisema neno mara mbili, huombi mara ya tatu. Kumwambia mwalimu mstaafu "hebu nione" ni kama kumwita mwongo mbele ya stendi nzima. Abdulmalik akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kwa kupitia flashi ile. Ikauliza lugha ya kibodi, kisha ikaleta njia kadhaa, naye akachagua ile ya kurejesha kutoka kwenye flashi.

"Hapa inauliza," akasema. "Tufute mafaili tu, au tusafishe diski yote kabisa? Ya kwanza ni ya haraka. Ya pili watu huitumia wakitaka kuuza mashine."

"Tofauti yake nini?"

"Ya kwanza, mtu mwenye ujuzi anaweza kubahatisha kufukua kitu. Ya pili, hakuna wa kufukua. Hata mimi."

Ernesta alifikiria sauti ya mama mkwe ikifukuliwa na vidole vya mtu wa stendini, ikitembea kutoka simu hadi simu mpaka Hedaru, watu wakicheka na soda mkononi.

"Safisha kabisa."

"Mwalimu, ikisafishwa hivyo..."

"Kabisa, nimesema."

Akakaa kwenye kigoda mpaka kazi ikaisha. Salha alimletea maji bila kuambiwa, na hakutania.

Kompyuta iliamka kama mgonjwa aliyepona. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, inauliza ichague lugha gani na nchi gani, kama siku Hezroni alipoileta ndani ya boksi lake. Hata zile programu ilizokuja nazo kutoka kiwandani zilikuwapo. Abdulmalik alitabasamu. "Mpya kabisa, mwalimu."

"Sauti ziko wapi?"

"Sauti gani?"

"Za marehemu. Zilizo kwenye flashi."

Abdulmalik aliacha kutabasamu. Akafungua flashi, akampa aone. Ilikuwa imejaa kweli, lakini yote yalikuwa mafaili ya mfumo yenye majina yasiyo na maana kwa binadamu.

"Mwalimu, flashi hii hubeba Windows. Hubeba na zile programu za kiwandani, kama ulivyoziona zimerudi. Haibebi picha wala barua wala sauti. Hata programu ulizoweka mwenyewe haibebi. Hivyo ni vya kunakili pembeni, kwenye flashi nyingine. Mimi nilikuambia uhifadhi..."

"Nilihifadhi!"

"Ulihifadhi Windows, mama." Alisahau kumwita mwalimu. "Simu ya marehemu iko wapi?"

"Alipewa mpwa wake. Akaisafisha aitumie."

"Ulikuwa na akaunti ya kuhifadhi mtandaoni?"

"Mambo ya nyumbani kwetu, mtandaoni?"

Abdulmalik akaivuta kompyuta. Alijaribu hata hivyo, kwa kuwa alimwonea huruma. Alipakua programu ya kufukua vilivyofutwa, ikapekua diski mwanzo mpaka mwisho. Haikuleta hata jina la faili moja la Hezroni. "Diski ya aina hii," akasema bila kumtazama, "hata bila kusafishwa ni vigumu. Na sisi tumeisafisha."

"Mimi ndiye niliyesafisha," Ernesta akasema, akachukua mkoba wake.

Hakuieleza habari ile kwa simu. Desemba ilipofika, alipanda Bombo kabla ya wengine, siku ambayo mvua ilikuwa imelainisha barabara na gari la mlimani likasukumwa na abiria. Alimkuta Tumainieli uani, juu ya ngazi, akifunga turubai. Spika za kukodi zilikuwa zimeshafika, zimefunikwa kwa mifuko ya mbolea zisilowe.

"Shemeji! Umewahi. Umezileta?"

"Hazipo, shemeji."

"Umezisahau Same?"

"Zimefutika. Zote."

Tumainieli aliteremka ngazi taratibu. Akauliza kuhusu mafundi wa Moshi, mafundi wa Arusha, mtoto wa fulani anayesomea kompyuta. Kwa kila jina Ernesta alitikisa kichwa. Alimweleza juu ya flashi, na alivyodhani, na alivyoamuru. Hakumtaja Abdulmalik kwa ubaya, kwa hilo alijizuia.

"Hata ya mama?"

"Hata ya mama."

Mzee yule akakaa juu ya spika moja. "Kaka aliniambia mama alitaja jina la yule dada yetu wa Makanya. Alisema, subiri utalisikia mwenyewe toka kinywani mwake. Nilitaka tulisikie wote, kisha tushuke tukawatafute watoto wake kama wapo. Nimezeeka, shemeji. Niliona ndiyo njia ya kuisafisha nyumba yetu."

Ernesta akauweka mkoba wake chini.

"Ulijua?"

"Sisi wote wa nyumba hii tulijua yupo. Jina ndilo hatukulijua. Kumbe wewe uliisikiliza. Alimwita nani?"

Alitafuta. Alirudi mpaka sebuleni kwake, mpaka kwenye kiti, mpaka kwenye sauti nyembamba ya kikongwe ikisema, *akazaliwa mtoto wa kike, tukamwita*, na kidole chake mwenyewe kikishuka.

"Nilizima," akasema. "Sikutaka kusikia. Nilizima kabla hajalitaja."

Tumainieli hakumlaumu, na ingekuwa nafuu angemlaumu. Alinyanyuka, akaita vijana waziteremshe spika zile barabarani zirudishwe zilikotoka. Ernesta akaingia jikoni kwa wanawake, akafunga kanga kiunoni, akaanza kuchambua maharage. Mtoto mmoja akamuuliza kama ni kweli watamsikia bibi akiongea. Akamwambia hapana, akaendelea kuchambua.