Karata Iliyoruka Chini ya Meza

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nane. Hapana, nimekosea, ulikuwa wa kumi, maana mwaka wa nane kiwanda cha viatu cha mtaani kwetu kilikuwa bado kinapiga king'ora asubuhi, na siku ninayoisimulia hapakuwa na king'ora chochote. Fundi saa aliamka kwa saa zake mwenyewe. Watu walimwita Dakika, kwa sababu kila mteja alimjibu, "Ngoja dakika moja tu," kisha mteja akangoja wiki mbili.

Wiki tatu kabla ya hapo mkewe, mshona mapazia, alimweleza kwa kinywa chake kwamba alikuwa na mwanamume mwingine. Dereva wa lori la vitambaa. Miezi minane. Hakushikwa na mtu. Alichoka kuficha, akasema. Dakika hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Alichukua saa ya ukutani ya mteja, akaifungua yote, akashindwa kuirudisha. Kesho yake mke akaenda kwa dada yake, na alipokuwa akitoka mlangoni pa duka la Dakika akasema, "Jumamosi ya tatu nitapita hapa saa sita mchana. Ukitaka nirudi, weka kiti changu nje, pale ninaposhonea. Nisipokiona nitapita zangu, na sitakusumbua tena."

Wiki tatu ni nyingi, lakini Dakika alizimaliza zote bila kuamua. Usiku anasamehe, asubuhi hasamehi. Basi ile Jumamosi yenyewe, saa nne, akaenda kubisha kwa shangazi yake.

Huyu shangazi, dada wa baba yake, alikuwa opereta wa simu mpaka alipostaafu. Sasa alikuwa akisoma karata za maono. Si zile za kuchezea, zenye mfalme na malkia. Hizi zilikuwa arobaini na nne, kubwa kama kiganja, kila moja ina picha yake na neno moja chini ya picha. Kijitabu cha maelezo yake kilikuwa kimeng'oka jalada, lakini hakukihitaji tena.

"Umekuja na swali au umekuja na uso tu?" akamwuliza huku akitandika kitambaa cheusi mezani.

"Nimsamehe, nisimsamehe? Na huyo dereva, bado wanaonana?"

"La dereva lifute. Miaka thelathini nimeunganisha simu za watu, sikuwahi kusikiliza mazungumzo yao. Sembuse sasa." Akacheka kidogo. "Haya, nilisikiliza mara mbili tatu. Lakini karata hazifanyi umbea, mwanangu. Na ndiyo au hapana hazisemi. Uliza hivi: nikimsamehe nitaishi na nini, nisipomsamehe nitaishi na nini."

Dakika akalirudia swali kimoyomoyo. Shangazi akazihesabu karata, arobaini na nne, akampa.

"Zichange mwenyewe mpaka mkono wako uchoke. Usichague, usichungulie. Ikiruka moja, iache palepale ilipoangukia uniambie. Hiyo imeshindwa kungoja zamu. Ndiyo tunayoianza."

Birika likaanza kulia jikoni. Shangazi akainuka kulizima. Na hapohapo, mikono ya Dakika, mikono inayoshika parafujo ndogo kama chembe ya mchanga bila kuiangusha, ikateleza. Karata moja ikachomoka, ikagonga ukingo wa meza, ikashuka sakafuni.

Hakuitazama. Nataka mnielewe hapo: hakuona hata rangi yake. Aliogopa. Alitaka kujua jibu, na jibu lilipomjia mbio namna ile, akaliwekea kiatu juu.

Shangazi akarudi na vikombe viwili. "Imeruka yoyote?"

"Hakuna."

"Kata mafungu matatu kwa mkono wa kushoto. Yapandanishe upendavyo."

Akakata. Shangazi akatoa tano za juu, akazipanga msalaba: ya kati, ya kushoto, ya kulia, ya juu, ya chini. Akazifunua moja moja, polepole.

Ya kati ni moyo wako ulipo: Kisima, kimekuja kichwa chini. "Umechota mpaka ndoo inakwangua mawe. Ukiwa hivi hutoi msamaha, unatoa uchovu."

Ya kushoto, ukisamehe: Daraja, limesimama sawa. Akamwonyesha kwa kidole mbao mbili zilizokosekana kwenye picha. "Linapitika. Lakini utapita ukitazama miguu, kila siku."

Ya kulia, usiposamehe: Mlima. "Kimya. Hewa safi. Hakuna mtu ila huyu mmoja pichani."

Ya juu, usichokiona: Kioo. Hapo shangazi akamtazama usoni. "Nikuulize. Kabla ya huyo dereva, mara ya mwisho uliinua macho lini kutoka kwenye hizo saa ukamtazama mkeo?"

Dakika akanywa chai iliyokuwa bado moto mno.

Ya chini, ushauri: Ufunguo, kichwa chini. "Unao mkononi. Umeushika upande usiofungua." Kisha akarudi nyuma kwenye kiti, akazitazama zote kwa pamoja, maana hazisomwi kila moja peke yake. "Mtu wa Mlima amekipa Kioo mgongo. Kisima kiko mbali na Daraja kwa picha, ingawa mezani viko jirani. Zinazungukazunguka, mwanangu. Kama kuna inayokosekana."

"Basi tupige tena, shangazi."

"Swali moja halirudiwi siku moja. Ni kukata simu na kupiga tena kwa kuwa jibu hukulipenda."

Akazikusanya azifunge kwenye kitambaa. Akahesabu. Arobaini na tatu. Akahesabu tena, midomo ikicheza.

"Dakika. Inua mguu."

Akainua. Karata ilikuwa kifudifudi, ina alama ya soli mgongoni. Shangazi akaifunua pale sakafuni. Mlango.

"Huu ukija wima, uko wazi mbele yako, ingia. Ukija kichwa chini, umekwisha fungwa, usibishe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilianguka kichwa kikielekea wapi?"

"Sijui."

"Umeisogeza?"

Alikuwa ameisogeza. Muda wote ule wa Kisima na Mlima, mguu wake ulikuwa ukiizungusha huku na huku bila yeye kujua, kama anavyozungusha mguu akiwa kwenye kazi ngumu.

"Niirushe tena?"

"Iliyojirusha yenyewe hairushwi. Ichukue tu. Sina kazi nayo tena."

Akaondoka saa sita kasoro dakika ishirini, nusu akitembea nusu akikimbia, karata mfukoni. Dukani saa kumi na nne ukutani zilisema mambo kumi na manne, lakini ya mkononi mwake haikosei. Akakibeba kiti cha mkewe, kile chenye mto wa kijani. Akafika nacho kizingitini. Miguu miwili ya kiti nje, miwili ndani, na yeye akasimama hapo.

Mkewe akatokea kwenye kona, kabeba kifurushi, na nywele amezisuka upya. Akapunguza mwendo. Akasimama.

"Unakitoa," akauliza, "au unakiingiza?"

Dakika akafungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa nalo. Mkewe akangoja kuliko wateja wake wote. Kisha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali, akapita. Kwenye kona ile nyingine hakugeuka.

Ndipo Dakika akakiweka kiti nje.

Kilikaa nje miaka. Jua lilikula ile kijani, ikawa rangi ya vumbi. Yeye mwenyewe hakukikalia, na mteja akitaka kukikalia, alimletea kigoda. Karata aliihifadhi kwenye droo pamoja na vioo vya saa, na akishakuzoea aliitoa, akaiweka mezani kifudifudi, alama ya soli juu, akainua macho. Alimwuliza shangazi yake mpaka siku alipozikwa mama huyo. Hata mimi aliniuliza: wewe unaonaje, kabla sijaikanyaga, ilikuwa imeangukia wima?