Muhuri Si Jibu

Mi ni mtu wa hasira, na heri niliseme mwenyewe kabla watu wa Kolwezi hawajanisemea. Siku moja nilimrushia mwenzangu mashine ya kubania karatasi kwa sababu alisema barua zangu ni ndefu. Ilimpata kwenye paji la uso, damu ikamshuka mpaka kwenye shati. Sikuomba samahani. Niliona ametukana kazi yangu, na kazi yangu ndiyo niliyokuwa nayo, sikuwa na kingine.

Nilikuwa katibu wa kampuni ndogo ya kulipua mawe. Kazi yenyewe haina siri: mteja ana mwamba unaomzuia, sisi tunatoboa mashimo, tunajaza baruti, tunaondoa watu, tunalipua. Mteja wetu mkubwa alikuwa Mchina, meneja wa uwanja wa kuoshea madini nyuma ya mtaa wa Musonoi. Mwamba wake ulisimama nje, juu kabisa ya uwanja, na uwanja ulizungukwa na ukuta wenye geti na walinzi wake. Watu wetu hawakuruhusiwa kuingia mule. Tulikubaliana hivi: nje ya ukuta sisi tunaondoa watu, ndani ya ukuta anaondoa yeye. Na kumjulisha saa ya kulipua ilikuwa juu yangu, kwa barua.

Kifaransa chake kilikuwa kidogo, Kiswahili chake kidogo zaidi. Barua alizisoma kwa simu: anapiga picha, simu inamgeuzia kwa lugha yake. Nililijua hilo, nililiona kwa macho yangu. Lakini mi nilisomeshwa na mapadri, na barua zangu za Kifaransa zilivaa suti na kravati. Nilianza na heshima kubwa niliyokuwa nayo ya kuleta jambo mbele ya ujuzi wake wa juu, nikapita kwenye rejea za barua zilizotangulia, nikafika kwenye jambo lenyewe nikiwa nimechoka, na msomaji amechoka kunizidi.

Siku ninayoisema tulikuwa tumepanga kulipua saa kumi alasiri. Mashimo yalikwisha kujazwa mvua ilipoanza kupanda upande wa Mutshatsha, mawingu meusi, na radi na baruti havikai nyumba moja. Patron wetu, mkubwa wa kampuni, ambaye ndiye aliyeshika mashine ya kulipulia, akasema tulipue mapema, saa nane. Nikaketi kwenye gari nikaandika. Niliandika kwamba kutokana na hali ya anga, na bila kuathiri masharti mengine, muda uliotajwa katika barua yetu ya juma lililopita unatangulizwa kwa masaa mawili, na kwamba tunamwomba meneja apokee hisia zetu za heshima ya pekee. Niliipenda barua ile. Niliisoma mara mbili kwa utamu wake.

Nikaipeleka getini na daftari la kupokelea. Huku kwetu karatasi isiyo na muhuri si karatasi, na sisi ndio tuliomfundisha Mchina yule desturi hiyo: mtu akija na daftari, piga muhuri, tia saini, mambo yaishe. Alitoka ofisini, akapiga muhuri, akatia saini, akaniambia «merci», akarudi ndani. Picha hakupiga. Mi nikarudi na nakala yangu nikamwambia patron kwa redio kwamba mteja amekwisha kujulishwa. Hilo ndilo neno nililosema, na ndilo linaloniamsha mpaka leo.

King'ora kililia mara tatu. Mule ndani mashine za kuoshea zilikuwa zinanguruma, hakuna aliyesikia kitu. Patron akageuza ufunguo.

Mlipuko ukiwa mzuri mwamba unajikunja na kukaa chini. Ule haukuwa mzuri. Mawe yaliruka juu ya ukuta, tukasikia mabati ya ndani yakipigwa, kisha mashine zikanyamaza, kisha watu wakaanza kulia. Nilikimbia mpaka getini na safari hii hakuna mlinzi aliyenizuia. Jiwe la ukubwa wa sufuria lilikuwa limetoboa bati la jikoni. Mama mpishi alikuwa amesimama pale akisonga bukari, ugali wa kwetu. Mkono wake wa kuume ulikuwa umepondwa juu ya kiwiko, na mwiko bado uko kwenye vidole. Wanaume wawili walikuwa wanavuja damu kichwani. Meneja alikuwa amepiga magoti karibu na mama yule, amevua shati lake analifunga juu ya jeraha, anasema maneno ya kwao ambayo hakuna aliyeyajibu.

Habari ilifika Musonoi kabla ya gari la hospitali. Watu walikuja na vyuma na makoleo. Walimpiga meneja mpaka wanawake wa jikoni wakamlalia juu kumfunika. Kisha wakaja kwangu. Mi, mjinga wa kusomeshwa, nilikuwa nimenyanyua nakala yangu juu nikiwaonyesha muhuri. Amepokea, niliwaambia, angalieni, amepokea. Mmoja akanipiga na mpini wa koleo mdomoni, mwingine mbavuni. Nilimng'ata mtu sikio, sijui lilikuwa la nani. Polisi walipofyatua risasi hewani karatasi yangu ilikuwa imekanyagwa kwenye tope, na hata hapo niliiokota nikaipangusa nikaiweka mfukoni. Niliamini itanitetea.

Kwa ofisi ilinitetea kweli. Walipokuja wakubwa wa serikali kuuliza, waliona muhuri, wakaitikia kwa kichwa, wakasema kampuni ilitimiza wajibu wake. Patron alininunulia bia. Niliinywa.

Juma la pili nilikwenda hospitali kumwona yule mama. Walikuwa wamemkata mkono. Nilipeleka mikate na sukari, nikasema pole, na kwa kuwa sikujua la kusema zaidi nikaanza kumweleza kwamba kosa halikuwa letu, barua ilifika. Aliniangalia kwa utulivu. Akasema nimsomee. Nikaitoa, ina madoa ya tope, nikamgeuzia kwa Kiswahili neno kwa neno mpaka kwenye hisia za heshima ya pekee.

«Mi nilisoma mpaka darasa la sixième, tata,» akasema. «Saa iko wapi mule?»

Nikatafuta. Nikaanza tena juu, nikateremka na kidole. Saa haikuwamo. Kulikuwa na barua nyingine iliyotajwa, kulikuwa na masaa mawili ya kutoa, lakini saa yenyewe, saa nane, sikuiandika popote. Hata kama Mchina yule angepiga picha, hata kama simu yake ingekuwa profesa, asingeikuta. Mama akageuza uso ukutani. Nikatoka nje, nikapiga ngumi nguzo ya varanda mpaka ngozi ikatoka. Nilijichukia, na sijaacha.

Kuanzia hapo niliandika barua kama ninavyomwambia mtu mwenye haraka. Tarehe juu. Kisha: Leo tunalipua saa 14:00. Watu wote watoke uwanjani kabla ya 13:30. Zimeni mashine. Tokeni kwa geti la barabarani. Ngojeni kwenye duka la saruji mpaka mtu wetu aje. Kila jambo na mstari wake, saa kwa tarakimu, maneno yaleyale kila mara ili asidhani neno jipya ni jambo jipya. Kabla ya kutuma nilipiga picha barua yangu mwenyewe, nikaigeuza Kichina, nikakirudisha Kifaransa. Sentensi iliyorudi imevunjika niliivunja mi mwenyewe na kuiandika upya.

Na chini kabisa niliweka maswali. Tafadhali jibu kwa maneno yako: Mnatoka saa ngapi? Kwa geti gani? Watu wangapi walikuwa ndani? Wangapi wako nje sasa? Bila jibu lako hatulipui.

Mara ya kwanza meneja akanirudishia muhuri tu. Nikamrudishia karatasi. Patron akaniwakia kwamba ninamdhalilisha mteja, mtu mzima kumwuliza maswali ya shule. Basi nikaandika na hilo pia: sipimi akili yako, ninapima barua yangu. Meneja alikaa na simu yake muda mrefu, kovu la ile siku bado jekundu juu ya jicho, kisha akaandika kwa mkono wake. Saa aliikosea nusu saa. Nikairekebisha kwa maandishi, akaandika tena, ikawa sawa. Tukaendelea hivyo miezi kadhaa, meneja akinitumia picha ya jibu lake kwa simu, na patron akinicheka kila mara.

Kisha ikaja siku nyingine ya mawingu. Mashimo yamejazwa, radi inasikika mbali, barua yangu imekwenda, jibu halijarudi. Watu wa meneja tuliwaona kwa macho wakisimama kwenye duka la saruji, kundi zima. Patron akasema batu si bale, watu si hao pale, wametoka, tulipue kabla radi haijatuua wote. Alikuwa na haki ya kuogopa. Mi pia niliogopa. Nikamwomba dakika tano. Akasema hata moja hapana, akainama kuunganisha nyaya, na ufunguo wa mashine alikuwa ameuweka juu ya sanduku. Nikauchukua.

«Leta ufunguo, ao nitakuua,» akasema.

«Niue. Jibu haiyafika.»

Alinipiga ngumi ya kwanza kwenye jicho. Ya pili ilitoa jino. Nilianguka, akanipiga teke tumboni, akanikalia kifuani akinikunjua vidole kimoja kimoja, na mi nikamtemea damu usoni nikampiga kichwa puani. Mafundi wawili walisimama tu wakiangalia, hawajui wamshike nani. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanaanguka. Alifika kwenye kidole changu cha mwisho, kikalia kwa kuvunjika, na simu yangu ikatetemeka chini karibu na sikio langu.

Aliiokota yeye. Ilikuwa picha ya karatasi, mwandiko wa meneja, herufi kubwa za mtu anayeandika lugha asiyoijua. 13:30. Geti la barabara. Watu 12. Nje 11. Mtu 1 ana homa, analala ndani ya kontena. Nimehesabu kwa sababu umeuliza. Ngojeni.

Patron akasoma. Akasoma tena. Akaniachia, akakaa chini, damu ya pua ikimdondokea kifuani, wala hakuifuta. Kisha akaninyooshea simu, na mi kwa mkono uliobaki mzima nikaandika: Tunangoja. Tuandikie akitoka.