Mashariki Ongeza

Shuleni wananiita Mwalimu Ramani, na kwa miaka ishirini na miwili nililipenda jina hilo kuliko hata mshahara. Kila darasa lililopita mikononi mwangu lilitoka likiimba wimbo mmoja: mashariki ongeza, magharibi punguza. Aliye mbele yako kule jua linakochomoza ametangulia, aliye nyuma yako huko linakozama amechelewa. Kila nyuzi kumi na tano za longitudo ni saa moja. Nilikuwa nagonga ubao kwa chaki hadi inavunjika.

Mdogo wangu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alikuwa ameomba kazi kwenye hospitali moja nje ya nchi, mashariki yetu, saa tatu mbele. Alisubiri jibu miezi minane, na siku barua ilipofika aliisoma akiwa amesimama mlangoni, viatu havijavuliwa. Walitaka kumhoji Jumatano kwa simu ya video, saa nne asubuhi kwa saa za kwao.

"Dada, kwetu itakuwa saa ngapi?"

Nilikuwa nasahihisha mitihani, na sikuinua hata macho. Nikamwambia mashariki ongeza: nne na tatu ni saba. Saa saba mchana.

Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. Mama aliishia darasa la nne, lakini kila Jumapili humpigia kaka yetu aliyeko mbali magharibi, na hajawahi kumwamsha hata mara moja. Anajua kwamba sisi tukikaa kula cha mchana, kaka ndiyo kwanza anaamka.

"Mbona hao wametangulia?" akauliza. "Saa saba yetu, si watakuwa wanakaribia kufunga ofisi?"

Nikamjibu, "Mama, haya ni mambo ya darasani."

Mama aliinamia mchele wake. Maneno yangu hayo sita bado yananichoma nikiyakumbuka, na ninayakumbuka kila siku.

Jumatano mdogo wangu alibadilishana zamu. Alipiga pasi sare, akafunika meza kwa shuka jeupe, akaomba kompyuta ya jirani. Saa sita na nusu alishakaa mgongo wima. Saa saba akabonyeza kuingia. Ikaandikwa kwamba kikao kimefungwa. Chini yake palikuwa na barua fupi ya adabu: walimsubiri nusu saa, wakaendelea na mwombaji mwingine.

Walimsubiri saa moja asubuhi yetu, alipokuwa bafuni akiimba.

Nilielewa nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Wimbo wangu haukuwa na kosa. Ni wa kutoka kwetu kwenda kwao. Lakini saa niliyopewa ilikuwa tayari ya kwao, kwa hiyo nilipaswa kurudi nyuma. Jua likishawafikisha saa nne, sisi bado tuko saa moja. Nilikuwa nimeongeza juu ya iliyokwishaongezwa. Saa saba yetu kwao ni saa kumi jioni. Mama aliliona hilo huku akitoa mawe kwenye mchele. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tende hili halikuota mguuni mwangu bali mwa mdogo wangu.

Hakunifokea. Alikunja shuka, akairudisha kompyuta, akaenda kuomba arudishiwe zamu yake. Afadhali angenitukana.

Jioni nilirudia mitihani, maana kulikuwa na kitu kinanikereketa. Swali la saba nilikuwa nimeliazima kutoka karatasi ya shule nyingine: mji ulioko mashariki ni saa nne asubuhi, kwetu ni saa ngapi? Karibu darasa zima lilikuwa limeongeza, kama nilivyolifundisha. Binti mmoja wa dawati la nyuma alikuwa amepunguza, akaandika, "Wao wameshaamka, sisi bado." Nilikuwa nimemkata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: Hufuati somo.

Kesho yake nilimrudishia alama zake mbele ya wenzake, nikasema mwalimu ndiye hakufuata somo. Walidhani natania, wakacheka, nami nikawaacha wacheke.

Kwa mama ilinichukua wiki mbili. Nilimwambia nisamehe, akanijibu nimletee ungo.

Mwaka uliofuata hospitali ileile ilitangaza nafasi tena, na barua ikaja: saa tano asubuhi, kwa saa za kwao. Nilikuwa mezani na mitihani yangu. Mdogo wangu alinipita, akaenda kuketi chini karibu na mama, akamsomea.

"Wao wametangulia saa tatu," mama akasema. "Wakifika saa tano, wewe uko saa mbili. Kaa tayari tangu saa moja."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani, na safari hii nilipata saa mbili. Hakuna aliyeniuliza.