Namba Nyekundu kwenye Madigadi

Samia alipoajiriwa na baba yake mkubwa, Mzee Luqmani, muuza matrekta wa Kabasa mjini Bunda, alisema wazi kwamba duka linauza mashine mpya kwa sura ya kizee. Hakukosea sana. Kila trekta lililouzwa, mzee alichukua brashi akaandika namba yake ya simu kwenye madigadi kwa rangi nyekundu ya mafuta, tarakimu zimepinda kila moja na upande wake. Samia aliionea aibu namba ile kama mtu anavyoonea aibu kandambili za baba yake kwenye mahafali.

Akachapisha stika Musoma: nembo ya kijani, jina la duka na namba ya ofisi. Revocatus, fundi wa duka, akaambiwa kila anapokwenda kufanya sevisi azibandike juu ya maandishi ya mzee, na amwonye mteja kwamba akibandua, garanti imekufa. Onyo hilo lilikuwa la Samia mwenyewe, na alilipenda.

Mzee alimwacha afanye atakavyo, maana alikuwa na hofu kubwa zaidi. Watengenezaji walikuwa wameshamwambia: msimu huu ukipita bila oda ya maana, uwakala wa Mara unakwenda kwa watu wa Mwanza. Oda iliyokuwa ikinukia ni moja tu, matrekta matatu ya chama cha ushirika cha Butiama.

Viongozi wa chama walikuja Jumamosi, mwenyekiti Makongoro na katibu wake, Rhobi. Samia akawatandazia vipeperushi vyake vinavyong'aa. Rhobi hata hakuvigusa.

"Trekta jipya linalimaga hata likiwa bovu," alisema. "Tupeleke kwa mtu mliyemuuzia zamani."

Samia akawapeleka Kibara kwa Mugeta, anayelimia watu kwa kukodisha. Alimchagua kwa sababu hajawahi kulalamika. Walimkuta amekaa kwenye tuta, trekta limesimama katikati ya shamba, plau imezama ardhini na mikono ya haidroliki haiinuki. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na wenye mashamba walikuwa wamemaliza kumtukana, sasa wanamtafuta mwingine.

"Mbona hukupiga simu?" Samia aliuliza.

"Nimepiga hii ya kwenye stika tangu mchana, dada. Inaita tu." Ofisi ilikuwa imefungwa saa sita, kama Jumamosi zote. "Simu yangu ya zamani ilitumbukia ziwani na namba zote. Ya mzee nilikuwaga naisoma hapo kwenye madigadi. Kubandua nikaogopa, fundi wenu alisema garanti inakufa."

Makongoro alikohoa. Samia alipiga magoti kwenye udongo mbichi akaibandua stika kwa kucha, kipande kwa kipande, huku machozi ya aibu yakimlengalenga. Chini yake, rangi nyekundu ilikuwa haijaondoka. Alipotoa simu yake, Rhobi akamshika mkono.

"Usipige wewe. Wewe ni mtoto wao, watapokea tu. Acha nipige mimi nisiyejulikana."

Rhobi akaweka sauti ya nje. Simu iliita kidogo tu, ikapokelewa. Mzee hakuuliza anaongea na nani.

"Trekta gani, na limesimama wapi?"

Mugeta akaeleza. Mzee akamuuliza kama lilivuka maji karibuni na kama mafuta ya haidroliki yamekuwa meupe kama maziwa. Yalikuwa hivyo hivyo. Revocatus alifika kwa pikipiki na chujio jipya na dumu la mafuta. Akamwaga ya zamani yaliyoingia maji, akabadilisha chujio lililoziba, akajaza upya. Plau ikainuka, na Mugeta akaondoka kulima bila hata kuaga.

"Tutachukua," Makongoro alisema. "Ila namba iandikwe. Na mzee amechoka, iwe ya mtu atakayekuwepo."

Kwa hiyo Samia aliandika yake, kwa brashi ile ile, kwenye madigadi ya matrekta yote matatu. Mzee aliangalia kwa mbali, akasema saba imepinda. Alionekana kuridhika.

Wiki chache baadaye Samia alikuwa Kamunyonge, Musoma, siku ya hina ya mdogo wake. Maua mikononi mwake yalikuwa bado mabichi simu ilipoita, namba asiyoijua. Shangazi akamwambia aiache, ataharibu. Samia aliitazama mikono yake kidogo, akaikamata simu kwa vidole vyote, hina ikasambaa mpaka kwenye kioo.

"Trekta gani," akauliza, "na limesimama wapi?"